Meneja alikubali toleo lipi? Kupanga idhini ya posti zilizo kwenye foleni

Swali: Habari za kazi. Natengeneza mfumo mdogo kwa kampuni ya utalii hapa Tanga. Vijana wawili wanaandika posti za Instagram na Facebook, wanazipangia muda, na mfumo unazituma wenyewe. Bosi wetu, dada mmoja makini sana, anataka kila posti aipitie kabla haijaenda hewani. Niliweka safu ya `imekubaliwa` kwenye jedwali. Akibonyeza inakuwa kweli, na muda ukifika posti inatoka. Wiki iliyopita imetoka posti ya safari ya Maziwe yenye tarehe ambayo anaapa hakuikubali, na jedwali linaonyesha alikubali. Nimekosea wapi, na mfumo wa namna hii unapangwaje?

Jibu: Kosa liko kwenye safu hiyo hiyo ya `imekubaliwa`. Umeibandika juu ya posti, na posti ni kitu kinachobadilika. Bosi wako alikubali maneno fulani, picha fulani na muda fulani, vyote kwa pamoja, kama vilivyokuwa mbele ya macho yake wakati ule. Baadaye mtu akagusa kimojawapo, akahifadhi, na jedwali halikuwa na namna ya kujua kwamba kilichomo sasa sicho kilichoidhinishwa. Kwa hiyo bosi anasema kweli, na jedwali nalo halijadanganya: alikubali posti namba 41, ila posti namba 41 ya Jumatano haikuwa ile ya Alhamisi.

Huenda ukasema dawa ni kuwakataza vijana kubadilisha chochote baada ya idhini, au kuruhusu marekebisho madogo tu kama herufi na tarehe. Safari ya Maziwe inaonyesha kwa nini hakuna rekebisho dogo. Tuseme Jumamosi ya kwanza inaangukia siku za bamvua. Kwenye pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi, kwa hiyo posti inayosema "tunaondoka Pangani saa 2 asubuhi" ni sahihi: mashua inafika Maziwe fungu la mchanga likiwa wazi. Bosi anaijua bahari, anaisoma, anaikubali. Alhamisi nahodha anasema mashua haiko tayari, kijana anaisogeza safari mbele kwa siku saba, na saa anaiacha ilivyo. Lakini maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku. Kwa siku saba hiyo ni karibu saa sita. Jumamosi ya pili, saa ile ile 4 asubuhi, maji yanakuwa yamejaa, na wageni waliolipia kutembea juu ya fungu wanazunguka na mashua wakitazama maji. Kijana aligusa neno moja tu, tena kwa nia njema. Bosi angeiona tarehe mpya, angeuliza saa hapo hapo. Mfumo ulimnyima nafasi ya kuuliza.

Kwa hiyo msingi wa kila kitu ni huu: idhini hupewa toleo, haipewi posti. Kila mtu akihifadhi mabadiliko, usiandike juu ya yale ya zamani. Ingiza mstari mpya kwenye jedwali la matoleo wenye namba yake, na mstari huo usiguswe tena milele. Jedwali la `posti` linabaki na mambo machache: namba ya posti, hali yake, toleo la sasa, na toleo lililoidhinishwa. Kijana akihifadhi toleo jipya, `toleo_sasa` linapanda, `toleo_lililoidhinishwa` linafutwa, na posti inarudi kwenye hali ya rasimu bila kujali ilikuwa imefika wapi. Akiiwasilisha kwa bosi inakuwa `inasubiri`, na ikikubaliwa inakuwa `foleni`. Hakuna ubaguzi kwa herufi wala nukta. Ukianza kuandika sheria za kupima rekebisho lipi ni dogo, utatumia wiki nzima na bado tarehe ya Maziwe itapita, kwa sababu kwa kompyuta kutoka tarehe 8 hadi tarehe 15 ni tarakimu mbili tu.

Ndani ya toleo weka vitu vitatu ambavyo wengi huviacha nje. Cha kwanza ni muda wa kutoka. Watu huuona muda kama mpangilio wa ofisi usiohusiana na maudhui, wakauacha kwenye jedwali la posti ili uweze kusogezwa kwa uhuru. Lakini posti inayosema "kesho tunakwenda Mapango ya Amboni" ni kweli ikitoka Ijumaa na ni uongo ikitoka Jumamosi, ingawa hakuna herufi iliyobadilika. Muda ni sehemu ya maana, kwa hiyo kuusogeza ni kutengeneza toleo jipya. Cha pili ni ukurasa inakokwenda. Posti iliyoidhinishwa kwa ajili ya Facebook yenye kiungo cha kubonyeza haifanyi kazi ile ile Instagram, ambako kiungo kilichoandikwa kwenye maelezo ya picha hakibonyezeki.

Cha tatu ni picha yenyewe, na hapa kuna mtego ambao nadhani bado hujaukuta. Instagram haipokei posti ya picha kwa wewe kuisukuma faili kutoka kwenye jedwali lako. Unaipa anwani ya picha iliyo wazi mtandaoni, nayo inakwenda kuichukua. Kama toleo linahifadhi jina tu, mathalani `maziwe.jpg`, kijana anaweza kupakia picha nyingine kwa jina lile lile, na toleo lako "lisiloguswa" likawa limebadilika tumbo. Piga hesabu ya `sha256` ya faili pale inapopakiwa, uitumie hiyo kuwa jina la faili, na uihifadhi kwenye toleo. Picha nyingine itakuwa na jina jingine, na haiwezekani kuifukia ya zamani kimyakimya. Hili lina uzito wa pekee kwa Instagram, kwa kuwa posti ikishatoka maelezo yake unaweza kuyahariri lakini picha huwezi kuibadilisha. Itabidi uifute posti nzima pamoja na maoni ya watu.

Sasa kitufe cha bosi. Fikiria amefungua posti saa 3 asubuhi, simu ikaita, akaongea robo saa, akarudi akabonyeza "Kubali". Katikati hapo kijana amehifadhi toleo jipya. Kitufe kikituma namba ya posti peke yake, amekubali kitu ambacho hajakiona, na umerudi pale pale ulipoanza. Kitufe lazima kibebe namba ya toleo lililokuwa kwenye skrini, na hifadhidata ikubali tu kama toleo hilo bado ndilo la sasa:

```sql
UPDATE posti
SET toleo_lililoidhinishwa = 88, hali = 'foleni'
WHERE id = 41
  AND toleo_sasa = 88
  AND hali = 'inasubiri';
```

Amri hii ikibadilisha mstari mmoja, idhini imeingia. Isipobadilisha mstari wowote, mwambie bosi kwa maneno ya kawaida kwamba posti imebadilika tangu aifungue, na umwonyeshe nini kimebadilika. Usimwonyeshe posti nzima upya ukamwacha atafute tofauti mwenyewe. Mwekee maneno ya zamani na mapya yakiwa yameandamana, yaliyoondolewa yakiwa na mstari, na muda au picha iliyobadilika ikiwa na alama yake. Mtu aliyesoma posti jana haisomi leo kwa makini yale yale. Jicho lake linaruka hadi mwisho. Tarehe ya Maziwe ingepita hata kwenye mfumo mzuri kama angeonyeshwa aya ile ile bila alama.

Kitufe hicho kiwe ndani ya ukurasa, baada ya yeye kuingia kwa akaunti yake. Najua kishawishi kilivyo: bosi anaishi kwenye WhatsApp na barua pepe, basi unamtumia kiungo ambacho akikibonyeza tu posti imekubaliwa. Usifanye hivyo. Programu za ujumbe hufungua viungo zenyewe ili kuonyesha kijipicha, na mifumo ya barua pepe hufungua viungo kukagua usalama. Kiungo kinachokubali kwa kufunguliwa tu kitakubaliwa na mashine kabla binadamu hajakiona. Dalili yake ni idhini zinazoingia sekunde chache baada ya ujumbe kutumwa, hata usiku wa manane. Kiungo kimpeleke kwenye ukurasa, na ukurasa ndio utume uamuzi kwa `POST`. Kila uamuzi, uwe wa kukubali au kurudisha, uandike kwenye jedwali lake pamoja na namba ya toleo, jina la aliyeamua, saa, na sababu kama amerudisha. Siku nyingine bosi akisema "sikukubali hiki", hamtabishana. Utafungua toleo alilolikubali, pamoja na picha yake.

Kuhusu nani aruhusiwe kukubali, kwa ofisi yenu ningeweka sheria mbili tu. Mwandishi hawezi kukubali toleo lake mwenyewe, na zuio hilo likae kwenye seva. Kuficha kitufe kwenye skrini hakutoshi. Bosi akitaka kusahihisha herufi mwenyewe, mruhusu ahariri na kukubali kwa pamoja, toleo likaingia kwa jina lake. Wapo watakaokwambia hilo linavunja kanuni ya macho manne, yaani anayeandika na anayekubali wawe watu wawili, na kwa benki wangekuwa sahihi. Kwenu lengo ni bosi aone kila kinachotoka, na hapo ameona. Ukimkatalia, atampigia kijana simu ambadilishie koma, halafu asubiri aikubali tena, na baada ya siku chache atawapa vijana nywila yake. Nywila ikishatoka, majina yote kwenye jedwali la maamuzi yamepoteza maana. Kwa sababu hiyo hiyo mwekee kaimu tangu mwanzo, mtu mwenye akaunti yake, ambaye bosi anaweza kumkabidhi kazi kuanzia tarehe fulani hadi fulani anaposafiri au wakati wa mapumziko ya sikukuu.

Tuje kwenye dakika ya kutuma, maana hapo ndipo mfumo ulioonekana mzuri mezani unapovuja. Una programu inayoamka kila dakika kwa `cron` na kutafuta posti zilizofikia muda. Isisome kwanza, ikaamua, kisha ikatuma, kwa kuwa kati ya kusoma na kutuma kijana anaweza kuhifadhi au bosi akaghairi. Ifanye ichukue posti na kukagua masharti yote kwa amri moja, hapa kwa PostgreSQL:

```sql
UPDATE posti p
SET hali = 'inatumwa'
FROM matoleo t
WHERE p.id = 41
  AND p.hali = 'foleni'
  AND p.toleo_sasa = p.toleo_lililoidhinishwa
  AND t.id = p.toleo_lililoidhinishwa
  AND t.muda BETWEEN now() - interval '30 minutes'
                 AND now()
  AND NOT EXISTS
      (SELECT 1 FROM breki WHERE imewashwa)
RETURNING t.id;
```

Jedwali la `breki` nitalieleza hapo chini. Ikirudi namba ya toleo, tuma yaliyomo kwenye toleo hilo, usiende kusoma rasimu. Programu mbili zikiamka kwa wakati mmoja, moja tu itapata mstari. Nyingine itakuta hali si `foleni` tena, na posti haitatoka mara mbili. Posti ikiwa `inatumwa`, mfungie mwandishi mlango wa kuhariri, kwa kuwa hapo imeshashikwa.

Instagram ina hatua mbili: kwanza unaomba chombo cha posti kwa `/media`, kisha unakichapisha kwa `/media_publish`. Usitengeneze chombo mapema pale bosi anapokubali. Picha huchukuliwa wakati wa hatua ya kwanza, chombo hufa baada ya saa 24, na kikishakuwa huko una nakala nje ya mfumo wako ambayo kughairi kwa bosi hakuigusi. Kwa sababu hiyo hiyo sikushauri kutumia ratiba ya Facebook yenyewe kwa posti ambazo bado zinasubiri idhini. Foleni ibaki kwako hadi dakika ya mwisho. Na ikitokea mtandao umekatika baada ya kutuma ombi la kuchapisha, hujui kama limefika au la. Usirudie moja kwa moja. Iweke posti kwenye hali ya `haijulikani`, uliza orodha ya posti za ukurasa kama imo, ndipo uamue. Wateja wakiona posti ile ile mara mbili, wanaanza kuuliza kama ni safari mbili.

Angalia ule mstari wa dakika 30. Unajibu swali ambalo hukuliuliza lakini litakupata: muda ukifika na bosi hajakubali, nini kitokee? Wengi huchagua moja ya mambo mawili, na yote mabaya. Wapo wanaoruhusu posti itoke yenyewe baada ya muda fulani wa kimya, na hapo mapitio ya bosi yamegeuka kuwa mapambo: siku yenye shughuli nyingi kuliko zote ndiyo siku ambayo posti zinatoka bila kusomwa. Wengine huizuia, lakini bosi akikubali baada ya saa sita mfumo unaona muda umeshafika na kuitupa hewani papo hapo, saa 8 mchana, ikiwatakia watu asubuhi njema. Kwangu, posti iliyopitisha dirisha lake iende kwenye hali ya `imepitwa` na ikae hapo hadi mwandishi aipangie muda mpya, jambo ambalo ni toleo jipya na linahitaji idhini mpya. Dirisha la nusu saa linatosha kufidia seva iliyozimika kidogo au umeme uliokatika ofisini. Posti ya saa ile ile, kama tangazo la mashua kuondoka, ipe dakika tano.

Ili zisipitwe mara kwa mara, weka mwisho wa kuwasilisha. Posti ya kawaida iingie kwa bosi angalau siku moja ya kazi kabla ya muda wake, na mfumo ukatae kuipangia muda wa karibu zaidi isipokuwa mwandishi ataje sababu. Usimtumie bosi ujumbe kwa kila posti. Mkusanyie mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, kwa ujumbe mmoja unaosema ngapi zinasubiri na ipi inatoka mapema kuliko zote. Kumbusho la ziada lije pale tu posti inapobakiwa na saa mbili. Baada ya mwezi chungulia jedwali la maamuzi. Ukiona idhini kumi zimeingia zikifuatana kwa sekunde mbili mbili, hazisomwi. Hapo usimlaumu, kaeni mwangalie zipi zina bei, tarehe, ahadi, au sura ya mgeni anayetambulika, hizo zije juu na peke yake, na zile za "Jumapili njema" zenye picha ya machweo ya Raskazone zipunguzwe idadi.

Kwenye ukurasa wa mapitio mwonyeshe posti kama itakavyoonekana kwenye simu. Instagram huyakata maelezo baada ya mistari michache ya mwanzo, na wasomaji wengi hawafungui yaliyobaki. Sentensi ya "watoto chini ya miaka mitano hawaruhusiwi" ikiwa mstari wa tisa, bosi anayesoma kwenye kisanduku kirefu cha maandishi ataiona na kuridhika, wakati mteja hataiona. Akiiona ilivyokatwa ataagiza ipandishwe juu.

Lile jedwali la `breki` ni kwa ajili ya jambo ambalo idhini haiwezi kulitabiri. Posti inaweza kuwa sahihi Jumatatu, ikaidhinishwa vizuri, na Alhamisi ikawa aibu. Februari 29, 2024 alipofariki Mzee Ali Hassan Mwinyi yalitangazwa maombolezo ya siku saba, na posti za muziki na vinywaji zilizokuwa zimepangwa kabla hazikujua. Mei mwaka huo huo Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani, tangazo la safari ya mashua lilikuwa jambo la hatari. Bosi na kaimu wake wawe na kitufe kimoja kinachosimamisha foleni yote, kinachofika kwa kubonyeza mara moja kutoka kwenye simu, na ambacho vijana nao wanaweza kukiwasha. Kukiwasha aweze yeyote. Kukizima aweze bosi au kaimu tu. Kikizimwa, posti zilizopitisha dirisha zinakuwa `imepitwa` kwa utaratibu ule ule, kwa hiyo hazimwagiki zote kwa pamoja. Pia zipe idhini uhai: kama posti inategemea bahari au bei ya mafuta, idhini yake iishe baada ya siku saba hata kama hakuna aliyeigusa.

Limebaki la saa, na kwetu ni kubwa kuliko linavyoonekana kwenye vitabu vya wenzetu. Hifadhi muda kwa `timestamptz`, na useme wazi kwamba wanachoandika watumiaji ni `Africa/Dar_es_Salaam`, yaani saa tatu mbele ya `UTC`, mwaka mzima bila kubadilika. Halafu kwenye ukurasa wa bosi andika muda kwa namna mbili: "Jumamosi, saa 2:00 asubuhi", na chini yake `08:00`. Kijana anayewaza saa 2 asubuhi anaweza kuchagua `02:00` kwenye kisanduku, na bosi akiona `02:00` peke yake naye atasoma saa mbili, akakubali. Akiona "saa 8:00 usiku" atashtuka. Posti ikitoka nje ya muda, kiasi cha kukosea kinakwambia chanzo. Ikichelewa saa tatu kamili, seva imeusoma muda wenu kama `UTC`. Ikiwahi au kuchelewa saa sita kamili, mtu amechanganya saa ya Kiswahili na saa ya simu.

Kabla hujamkabidhi bosi mfumo mpya, ujaribu kwa ukurasa wa majaribio usio na wafuasi. Fungua posti moja kwenye simu ya bosi na kompyuta ya kijana. Kijana ahifadhi nukta moja, kisha bosi abonyeze "Kubali": lazima akataliwe na aonyeshwe ile nukta. Kubali posti, kisha pakia picha nyingine kwa jina la ile ya kwanza: iliyoidhinishwa ndiyo itoke. Panga posti itoke baada ya dakika kumi, kubali, zima seva kwa dakika arobaini na tano, iwashe: ukurasa ubaki mtupu na posti iwe `imepitwa`. Mwisho, anzisha programu mbili za kutuma kwa pamoja na posti moja kwenye foleni, uhesabu zilizotoka. Zikiwa mbili, kuna mahali msimbo wako bado unasoma kwanza ndipo unabadilisha hali; tafuta `SELECT` iliyotangulia ile `UPDATE`, uiondoe, urudie.